Jina langu lipo kwenye hati, mbona kontena halitoki?

*Nina kiwanda cha mikate Thika. Tanuri nililoagiza China limeshafika bandari kavu ya Embakasi. Muuzaji alinitumia picha ya hati ya shehena yenye jina langu, lakini kampuni ya meli inakataa kuachilia mzigo. Nimeibiwa? – Msomaji, Ruiru*

Huenda hujaibiwa. Tazama jina lako liko kisanduku gani. Likiwa kwa "mtu wa kujulishwa", wewe ni wa kupigiwa simu tu, huna haki ya mzigo. Soma kisanduku cha mpokeaji.

Kikisema "kwa amri ya" benki fulani, hiyo ni hati inayohamishika: mzigo hupewa anayeshika hati halisi iliyoidhinishwa nyuma kwa sahihi na muhuri. Picha haifai. Lipa benki, chukua hati iliyoidhinishwa, uipeleke kwa wakala wa meli akupe oda ya kukabidhi mzigo. Kwa kawaida hutolewa hati halisi tatu. Moja ikitumika, nyingine hukosa nguvu.

Mpokeaji akiwa wewe pekee, bila neno "amri", hati haihamishiki. Hata hivyo wengi hukosea hapa: meli bado inaweza kudai hati halisi. Majaji wa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo waliunga mkono msimamo huo mwaka 2005 katika kesi ya Rafaela S. Kama umeshalipa, mwombe muuzaji arudishe hati zote kwa meli huko China, nayo itume idhini ya kuachilia mzigo huku.

Fanya leo, maana gharama za kontena huongezeka kila siku. Hati halisi zikipotea, mwone wakili: meli hudai dhamana ya benki.