Ukuta wa Kifuko cha Hewa Ndani ya Pafu: Wembamba Wake na Nguvu Yake

Njia za hewa ndani ya pafu hugawanyika tena na tena hadi kuishia kwenye vifuko vya hewa, ambavyo kila kimoja kina upana wa karibu sehemu ya tano ya milimita, na ambavyo kwa mtu mzima hufikia mamia ya mamilioni. Kuta za vifuko hivi zimejaa kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, nayo oksijeni haina budi kupenya ukuta huo ili kuzifikia chembe nyekundu za damu.

Kizuizi kilicho kati ya hewa na damu kina tabaka tatu. Upande wa hewa ziko seli bapa, zilizotandazwa kiasi kwamba seli moja hufunika eneo kubwa la kifuko. Upande wa damu ziko seli nyembamba zinazounda ukuta wa kapilari. Na katikati umo utando wa msingi, ambao ni wavu wa protini usio na seli ndani yake. Pale palipo pembamba zaidi, tabaka zote tatu kwa pamoja hazizidi mikromita 0.3, ilhali karatasi ya daftari ina unene wa takribani mikromita 100.

Sababu ya wembamba huu ni kwamba oksijeni haisukumwi na pampu yoyote kupita ukutani, bali husambaa yenyewe kutoka mahali ilipo nyingi kwenda ilipo chache, na unene wa ukuta ukiongezeka maradufu, kiasi kinachopita kwa muda uleule hupungua kwa nusu. Chembe nyekundu hukaa ndani ya kapilari kwa takribani robo tatu ya sekunde mtu anapopumzika, na katika pafu zima robo ya sekunde huitosha kujaa oksijeni. Muda unaobaki ni akiba, nayo hutumika wakati wa kazi nzito, damu inapopita kwa kasi zaidi. Ndiyo maana mtu ambaye ukuta huo umeanza kunenepa hupumua vizuri akiwa ameketi, lakini huishiwa pumzi akipanda kilima au akibeba ndoo ya maji.

Jambo la kustaajabisha zaidi ni kwamba ukuta mwembamba kiasi hiki haupasuki. Kapilari haikai katikati ya ukuta, bali huegemea upande mmoja, ulio mwembamba: huko ndiko hewa hupita, na nguvu hutoka kwenye utando wa msingi wenye nyuzi imara za kolajeni, ilhali upande wa pili ni mnene, una nyuzi za kushikilia pafu, na una nafasi ya kupitishia maji yanayovuja kidogo kidogo kuelekea mishipa ya limfu. Aidha, moyo husukuma damu kwenye mapafu kwa shinikizo dogo, lisilofika hata robo ya lile la mwili mzima, na ndani ya kapilari shinikizo huwa karibu milimita 10 za zebaki.

Hatari ya shinikizo hilo kupanda inaonekana wazi kwa mwanamke kijana ambaye, utotoni, alipata homa ya baridi yabisi baada ya maambukizi ya koo, ikamwachia kovu kwenye vali ya mitrali, yaani mlango wa damu inayotoka mapafuni kuingia chumba kikuu cha kushoto cha moyo. Njia ya vali hiyo ikiwa nyembamba, damu hurundikana nyuma yake, hadi mapafuni. Anaweza kuishi miaka mingi bila kujua, hadi apate ujauzito, ambapo damu huongezeka kwa karibu nusu na moyo hupiga haraka zaidi. Shinikizo la kapilari likipita takribani milimita 25, maji huvuja kwa wingi. Kwanza hukusanyika upande mnene, hivyo upande mwembamba huendelea kupitisha hewa, na baadaye, nafasi ikijaa, humwagika ndani ya vifuko.

Dalili za kuangaliwa nyumbani ni kuishiwa pumzi anapolala chali, kuamka usiku akihema, na kukohoa makohozi yenye povu la rangi ya waridi. Mgonjwa wa namna hii akalishwe wima, miguu ikining'inia, na apelekwe hospitali mara moja, bila kulazimishwa kulala wakati wa safari. Mama mjamzito anayehema sana apimwe moyo, isidhaniwe tu kuwa ni uzito wa mimba.

Mtoto mwenye maumivu ya koo na homa apelekwe kituo cha afya, na akiandikiwa dawa ya bakteria aimalize. Aliyekwisha kuugua homa ya baridi yabisi huchomwa sindano ya penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, ili kuzuia shambulio jipya, ingawa kovu lililokwisha kuwepo kwenye vali haliondolewi na sindano hiyo.