Mwanamemba yuko kwenye lisiti, lakini mashini inasema hayuko

Tuseme koperative ya kahawa karibu na Bukavu inatayarisha malipo. Lisiti ya mizani ilitoka kwenye PDF, na inafaa kila kodi ipate jina lake katika rejista kwa RECHERCHEV. Kodi KB-0147 iko pande zote mbili, kwa macho ni sawasawa, lakini Excel inajibu #N/A.

Musiandike kodi upya kwanza. Hesabuni alama zake:

```
=NBCAR(A2)
```

KB-0147 ina alama 7. Kama jibu ni 8, kuna kitu kimejificha. Mara nyingi kiko mwishoni. Muulize namba yake:

```
=CODE(DROITE(A2;1))
```

Jibu 32 ni nafasi ya kawaida, na SUPPRESPACE inaiondoa. Jibu 160 ni nafasi isiyokatika, ile inayozuia maneno mawili yasitengane mwisho wa mstari. Maandishi ya Kifaransa yanaitumia sana: mbele ya alama ya kuuliza, tena katikati ya namba kama 1 250. Ndiyo maana inaingia katika lisiti zetu. SUPPRESPACE peke yake haiigusi, na EPURAGE pia haiigusi. Inafaa kwanza kuigeuza kuwa nafasi ya kawaida, kisha kuiondoa:

```
=SUPPRESPACE(SUBSTITUE(A2;CAR(160);" "))
```

Wekeni fomula hii katika safu mpya, ishusheni hadi chini, kisha mupime tena kwa NBCAR. Ikileta 7, nakilini safu hiyo na muibandike kwa Collage spécial, Valeurs. Fanyeni vilevile kwa rejista, ju uchafu unaweza kuwa upande ule.

CODE ikijibu 63 na hamuoni alama ya kuuliza, tumieni UNICODE fasi yake. Namba za simu zilizonakiliwa kutoka WhatsApp zinaweza kuja na alama 8234 mbele na 8236 nyuma, ambazo hazionekani kabisa. Hizo munaziondoa kwa SUBSTITUE na UNICAR:

```
=SUBSTITUE(SUBSTITUE(A2;UNICAR(8234);"");UNICAR(8236);"")
```

Katika kilo, nafasi ya katikati inafanya 1 250 kuwa maandishi, na SOMME inairuka bila kusema kitu. Hapo ondoeni nafasi yote, kisha rudisheni namba:

```
=CNUM(SUBSTITUE(B2;CAR(160);""))
```

Lakini katika majina musiondoe nafasi zote, ju jina na jina la baba yatashikana.

Jihadharini na SIERREUR inayoandika 0 fasi ya #N/A. Lisiti inaonekana safi, kumbe mwanamemba aliyeleta kahawa yake ameandikiwa sifuri. Acheni #N/A ionekane mpaka kila kodi imepata mwenyewe, ndipo feza zitoke.