Namba Yako Haijavuja, Imebahatishwa

Wafanyabiashara wenzangu, leo naanza na kosa langu mwenyewe. Nilinunua laini mbili mpya za duka, moja ya oda na moja ya malipo. Namba zake zilifuatana: moja iliishia 41, nyingine 42. Siku ya tatu, hata sijaziweka kwenye ukurasa, ikaingia meseji: "Ile hela itume kwenye namba hii." Aliyezijua ni mdogo wangu tu, anayenisaidia dukani. Nikamgombeza kwamba amezigawa, hadi akalia.

Jioni nikafungua meseji za laini zote mbili. Ya 41 iliingia saa 4:12 asubuhi, ya 42 saa 4:13. Maneno yaleyale, mtumaji yuleyule. Kumbe mtu alikuwa anahesabu tu!

Iko hivi. Chukua namba za Tanzania zinazoanza na 074. Baada ya hapo zinabaki tarakimu saba, yaani kuanzia 0000000 hadi 9999999. Hizo ni namba milioni 10, na zinajulikana bila kuibiwa popote. Tapeli anachukua namba moja anayojua inatumika, anaongeza moja, anatuma, anaongeza tena. Mwingine anabadilisha tarakimu za mwisho kwa kubahatisha, ili asionekane anafuata mstari. Zisizo na mtu hazimpi jibu, hana hasara kubwa. Anachohitaji ni mtu mmoja ambaye kweli alikuwa anataka kumtumia mtu hela muda huo. Na sisi wauzaji ndio tunaotuma hela kwa wauzaji wa jumla kila siku, ndiyo maana meseji hiyo inatupata.

Utaniuliza, "Mbona alinitaja jina?" Jaribu kutuma hela kwa simu: ukishaweka namba, jina la mwenye laini linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Tapeli naye anaweza kufanya hivyo halafu akaghairi. Kwa hiyo jina peke yake si ushahidi kwamba umevujishwa.

Sasa utajuaje kama kweli zimevuja? Sikiliza anajua nini. Akitaja mzigo ulioagiza, kiasi unachodaiwa au jina la bosi wako wa jumla, hayo hayapatikani kwa kuhesabu. Hapo chunguza nani anaona oda zako. Asipotaja chochote, amebahatisha.

Ukipata meseji ya hivyo, usijibu hata kwa matusi. Ukijibu, umemwambia namba hii ina mtu, na atarudi. Hata simu inayolia mara moja na kukatika, usiipigie. Namba ya tapeli iripoti kwa ujumbe kwenda 15040. Na kabla ya kutuma hela ya mzigo, mpigie bosi wako kwa namba uliyoihifadhi mwenyewe.

Mdogo wangu nilishamwomba radhi. Wewe usimfukuze msaidizi wako kabla hujaangalia meseji inajua nini.