Namna ya kudai makato ya benki yaliyozidi

Mfanyabiashara akienda tawini kulalamika kwamba "mnanikata sana", anajibiwa kwa upole kwamba hayo ndiyo makato ya kawaida, na anarudi dukani mikono mitupu. Akienda na mstari mmoja wa stetimenti pamoja na mstari mmoja wa mwongozo wa ada wa benki hiyohiyo, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa. Kwa Tanzania, Kanuni za Benki Kuu za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinazitaka benki ziweke ada zao wazi kwa wateja. Kwa hiyo kipimo unacho tayari, na ni benki yenyewe iliyokiandika.

Anza na jina la akaunti, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Mwongozo wa ada una safu nyingi: akiba, hundi binafsi, biashara ndogo, kampuni, vikundi. Angalia juu ya stetimenti yako akaunti imeandikwa aina gani, kisha usome safu hiyo peke yake. Mara nyingine utagundua kwamba ulifungua akaunti ya biashara ndogo, lakini kwenye mfumo umewekwa na makampuni. Hapo kila kato linaweza kuwa sahihi kwa safu ya makampuni na likawa kosa kwako. Dai la namna hiyo linahitaji kiambatisho kimoja tu, nacho ni nakala ya fomu uliyofungulia akaunti.

Pia tafuta mwongozo uliokuwa ukitumika mwezi unaoulalamikia. Benki ikibadilisha ada, toleo la zamani huondolewa kwenye tovuti, nawe ukilinganisha makato ya Machi na mwongozo ulioanza Julai utajiaibisha bure. Pakua kila toleo jipya na ulihifadhi kwa tarehe yake. La zamani kama huna, liombe tawini kwa maandishi.

Sasa tuchukue mfano, tarakimu nimezitunga ili hesabu ionekane. Duka la vifaa vya ujenzi lina akaunti ya biashara ndogo. Mwongozo unasema ada ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwezi. Miamala 20 ya kutoa fedha inayofanywa na mteja ni bure, na kila unaozidi hapo ni shilingi 500. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna tanbihi: ada zote zimejumuisha VAT.

Stetimenti ya Septemba ina mistari minne ya makato ya mwisho wa mwezi:

`MONTHLY FEE 10,000.00`
`VAT 1,800.00`
`LEDGER FEE 9,000.00`
`VAT 1,620.00`

Jumla ni 22,420. Mistari ya VAT ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu kosa lake linaonekana kwa macho. Kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni asilimia 18. Kama ada ya 10,000 imeshajumuisha kodi, benki ina haki ya kuigawa, lakini ikigawanywa sawasawa utaona 8,474.58 ya ada na 1,525.42 ya kodi, zikijumlishwa zinarudi 10,000 kamili. Ukiona 10,000 kamili na 1,800 pembeni yake, kodi imeongezwa juu ya kodi. Kinyume chake, mwongozo ukisema ada hazijajumuisha VAT, ile 1,800 ni halali na huna la kudai.

Ile 9,000 inataka subira kidogo, maana inabidi uhesabu. Kwa 500 kila muamala, 9,000 ni miamala 18 iliyozidi, kwa hiyo benki imehesabu miamala 38. Pitia stetimenti na kalamu, mstari kwa mstari, ukitia alama kwenye kila fedha iliyotoka kwa amri yako: hundi, uhamisho, fedha taslimu ulizochukua kaunta au kwa wakala. Tuseme umepata 26. Ile 12 iliyobaki ni nini? Ukiiangalia vizuri utakuta ni mistari ya benki yenyewe: ada ya kila uhamisho na VAT yake, ambavyo mfumo umeviandika kama fedha zilizotoka, kisha ukavihesabu kuwa miamala yako. Umekatwa ada, halafu ukatozwa kwa sababu umekatwa ada. Kwa mwongozo huu, ambao umesema wazi "inayofanywa na mteja", iliyozidi ni 6 tu, yaani shilingi 3,000. Mwezi huo ulistahili kukatwa 13,000, na umezidishiwa 9,420.

Soma maneno ya mwongozo kwa makini kabla ya kushangilia. Zipo benki zinazoandika kwamba ada ni kwa kila mstari wa kutoa, bila kutaja nani kaufanya, na hapo hoja yako inalegea. Vilevile ukiona ada ya mwezi imekatwa mara mbili ndani ya mwezi mmoja, tazama salio la mwezi uliopita. Kama akaunti ilikuwa tupu, mfumo uliisubiri ile ada ya nyuma mpaka fedha zilipoingia. Hilo si kosa, ni deni. Na kama una mkopo au overdrafti, ada zake zinaongozwa na mkataba uliosaini, si mwongozo wa jumla.

Ukishapata mwezi mmoja, rudi nyuma mwezi kwa mwezi. Usizidishe 9,420 mara 12, kwa sababu idadi ya miamala haifanani, na mwezi mmoja ukipatikana na kosa meneja ataitilia shaka hesabu nzima. Jedwali liwe na safu tano: mwezi, ulichokatwa, kilichostahili, tofauti, na ukurasa wa mwongozo.

Barua iwe fupi. Kichwa: "YAH: MAKATO YASIYOLINGANA NA MWONGOZO WA ADA", pamoja na namba ya akaunti. Halafu: "Ndugu Meneja, katika miezi iliyoorodheshwa kwenye jedwali, akaunti yetu imekatwa zaidi ya kiwango cha mwongozo wenu ulioanza kutumika tarehe iliyotajwa. Tunaomba turejeshewe tofauti hiyo, na mpangilio wa akaunti urekebishwe ili kosa lisijirudie." Ombi hilo la mwisho usiliache. Karani anaweza kurudisha fedha za nyuma bila kugusa mfumo, na mwezi ujao ukakatwa vilevile. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, nawe uombe namba ya malalamiko. Maneno ya kaunta hayana tarehe.

Wakikujibu kwamba "ndivyo mfumo unavyokata", omba kwa maandishi kifungu cha mwongozo kinachoruhusu. Benki Kuu ya Tanzania inapokea malalamiko ya wateja wa benki, lakini itataka kuona kwamba ulianza na benki yako, na hapo ndipo ile nakala yenye muhuri inapofanya kazi.

Fedha zikirudi, hakikisha zimerudi pamoja na VAT yake. Tawi hupenda kurudisha ada tupu na kuisahau kodi. Na kama biashara yako imesajiliwa VAT, na kodi hiyo ulishaidai TRA kama kodi ya manunuzi, mwoneshe mhasibu wako barua ya benki ili arekebishe ritani, kwa maana fedha hiyo huwezi kurudishiwa na benki na TRA kwa pamoja.