Kabla Lori Halijafika Ghalani

Maharage yaliyopandwa Februari na Machi katika vilima vya Rungwe Mpya, kwingineko Kasulu na kwa jirani zetu wa Kibondo yamekwisha kung'olewa na kupurwa, na aghalabu yamelala katika magunia pembeni mwa nyumba, ilhali wachuuzi wa pikipiki wamekwisha kuanza kupita mlango kwa mlango na madebe yao. Wapo wakulima waliokwisha kuuza, wala siwalaumu, maana ada za shule hazingoji mnada. Maneno ya safu hii nawaelekezea wale waliokubaliana kuuza kwa pamoja kupitia chama chao cha ushirika wa mazao na masoko, ambao mwezi huu hawana budi kuyakata mashauri matatu kabla mnunuzi hajaonyeshwa punje moja: maharage yatapangwa madaraja vipi, chama hakitashuka chini ya bei gani, na yule anayejiita mnunuzi ni nani hasa.

Mkoa wetu umebahatika kuwa na mnunuzi wa aina ambayo mikoa mingine haina. Tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996, na Nduta ilipofunguliwa upya mwaka 2015, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limekuwa likigawa huko unga, mafuta, chumvi na jamii ya kunde, na maharage yetu ndiyo yaliyo karibu. Mwaka 2008 shirika hilo lilianzisha katika nchi 20, Tanzania ikiwamo, mpango wa miaka mitano wa kununua sehemu ya chakula chake kwa vikundi vya wakulima wadogo. Baadhi ya vikundi vilivyoingia mikataba vilishindwa kutimiza tani vilizoahidi, ama kwa sababu mzigo haukufaulu kupimwa, ama kwa sababu bei ya sokoni ilipanda juu ya bei ya mkataba na wanachama wakauza kwa wachuuzi usiku. Mambo haya mawili, ubora na bei, ndiyo yanayovunja vyama hata leo, awe mnunuzi ni shirika la ulimwengu au tajiri wa Mwanza.

Tuanze na ubora, na hasa na lile linaloharibu thamani kuliko yote, ambalo si uchafu bali ni mchanganyiko. Mkulima anayetia Lyamungu 90, maharage ya njano na mekundu katika gunia moja amekwisha kujishusha daraja kabla ya kupepeta, kwa kuwa maharage ya rangi na ukubwa mbalimbali hayaivi kwa wakati mmoja, na mpishi wa shule hatayataka kwa bei ya yale yaliyo safi. Kila aina na ipokelewe na chama kwa siku yake, na iwekwe katika safu yake ghalani.

La pili ni unyevu, ambao kwa maharage kiwango cha Afrika Mashariki hakitaki uzidi asilimia 14. Chama kisicho na kipimo cha unyevu kina njia ya chupa na chumvi: chupa kavu ya kioo hujazwa maharage kiasi cha theluthi, hutiwa vijiko viwili vya chumvi iliyokauka kabisa juani, hufungwa na kutikiswa kwa dakika moja, kisha huachwa robo saa. Chumvi ikigandamana na kuta za chupa, maharage bado yana unyevu unaopita asilimia 15 na yarudi kwenye turubai. Isipogandamana, yanakaribia kufaa, ingawa chupa haiwezi kukwambia kama ni 13 au 14 na nusu, na kwa sababu hiyo haifai kutegemewa peke yake mbele ya mnunuzi mwenye chombo. Unyevu huu ni fedha kwa upande mwingine pia. Tani kumi zilizopokelewa zikiwa na asilimia 16, zikikaukia ghalani hadi 14, zitapungua kilo 233 bila mtu yeyote kuiba hata kisado, na nimeona wahifadhi wa ghala wakishukiwa khiyana kwa upungufu ulioletwa na jua tu.

La tatu ni wadudu. Fukuzi wa maharage huanza kutaga shambani, maganda yanapokauka, na huchukua takriban mwezi mmoja hadi mdudu mzima atokeze, hivyo gunia lililoonekana safi siku ya kupokelewa laweza kutokwa na wadudu hai lori likiwa njiani. Tazama ngozi ya punje kwenye mwanga: ukiona kidirisha cha duara, chepesi kuliko sehemu nyingine, basi ndani yumo funza aliyekwisha kutayarisha mlango wake. Mzigo wa namna hiyo ufukizwe na mtu mwenye cheti, au utiwe katika mifuko isiyopitisha hewa kama ile ya PICS, kabla ya kuchanganywa na mzigo wa wengine.

Daraja lenyewe lipimwe kwa sampuli, si kwa jicho la katibu. Bambo lichomwe katika magunia mengi, juu, kati na chini, kwani mjanja hujaza taka katikati. Yote yaliyotoka yachanganywe juu ya turubai, yagawanywe mafungu manne, mafungu mawili yanayokabiliana yaondolewe, na yaliyobaki yagawanywe tena hivyo hivyo hadi ibaki nusu kilo. Hapo kila gramu 5 ni asilimia 1. Ikiwa katika nusu kilo hiyo mmetoa gramu 12 za punje zilizopasuka, 6 zilizotobolewa, 4 za changarawe na udongo, na 15 za rangi nyingine, basi mna asilimia 2.4, 1.2, 0.8 na 3, na mnajua ni wapi kazi ya kuchambua imebaki. Hesabu hii iandikwe daftarini mbele ya mwenye mzigo, naye atie sahihi, maana ugomvi mwingi wa vyama hutokea pale mwanachama anapoambiwa daraja lake baada ya lori kuondoka.

Sasa bei, ambayo wengi huijadili kana kwamba ni suala la ujasiri, ilhali ni suala la hesabu. Chukueni mfano, kwa tarakimu za kufundishia tu. Mchuuzi anatoa shilingi 1,700 kwa kilo mlangoni, bila kuchagua, naye mnunuzi wa chama anatoa 1,900 ghalani. Gunia la mwanachama la kilo 100 likichambuliwa hutoa kilo 96 za daraja zuri, kilo 3 za mapasuko yanayouzwa 900, na kilo 1 ya kutupa. Hizo 96 huleta 182,400, mapasuko 2,700, jumla 185,100. Chama kikikata shilingi 60 kwa kilo kwa ajili ya magunia, upakiaji na ada yake, yaani 5,760, mwanachama hubakiwa na 179,340. Faida juu ya mchuuzi ni 9,340 kwa gunia, si 20,000 kama wengi wanavyodhani wanaposikia tofauti ya bei. Ukiigeuza hesabu hiyo, utaona kwamba chini ya shilingi 1,803 kwa kilo chama kinamtia mwanachama hasara. Hiyo ndiyo bei ya mwisho ambayo mkutano wa wanachama uwape viongozi wanapokwenda kuzungumza, pamoja na amri ya kuinuka mezani ikishuka.

Lakini ipo hesabu ya pili, ambayo ndiyo inayowapeleka watu kwa mchuuzi usiku. Mwanachama anayengoja malipo mwezi mmoja, na wakati huo akakopa shilingi 100,000 kijijini kwa riba ya asilimia 10, amelipa 10,000, na faida yote ya gunia moja imekwenda na ziada. Kwa hiyo chama kisichotoa malipo ya awali siku ya kupokea mzigo hakina haki ya kushangaa wanachama wakikikimbia. Fedha hizo hupatikana kwa arbuni ya mnunuzi, au kwa mkopo wa benki unaodhaminiwa na mzigo wenyewe. Lakini benki huipokea stakabadhi ya ghala lenye leseni chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, wala si karatasi iliyogongwa muhuri katika bohari ya kijiji, ambayo ni ushahidi baina yenu tu.

Kuhusu mnunuzi, nawasihi msimwamini yeyote kwa gari lake. Atakayekubaliwa aonyeshe leseni ya biashara na namba ya mlipakodi, na ataje vyama viwili alivyonunua kwao msimu uliopita, nanyi mpige simu huko kuuliza jambo moja tu: je, alilipa bei ileile waliyoagana? Maana hila ya kawaida ni kusifu sampuli, kuagana bei nzuri, kuleta lori, kisha kudai kwamba mzigo si ule ulioonyeshwa na kushusha shilingi 150 kwa kilo, akijua magunia yamekwisha kushonwa na wapakiaji wanadai ujira wao. Dawa yake ni vifuko vitatu vya sampuli vilivyofungwa na kutiwa sahihi siku ya mapatano: kimoja cha mnunuzi, kimoja cha chama, na cha tatu kwa afisa ugani wa kata, ambacho hufunguliwa ugomvi ukizuka. Mkataba utaje aina, unyevu, kiwango cha mapasuko na rangi ngeni, mahali pa kupimia uzito, yaani ghalani kwenu kwa mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, na kwamba ushuru wa halmashauri ni juu ya mnunuzi. Fedha iingie akaunti ya chama kabla gari halijatoka, na mweka hazina aithibitishe benki, asiridhike na ujumbe wa simu.

Kwa mahesabu ya mbali zaidi, sishauri chama cha huku kuegemea kambi peke yake. Wakimbizi wa Burundi wamekuwa wakirejea kwao tangu 2017, kambi ya Mtendeli ilifungwa 2021, na mgao wenyewe hupunguzwa wafadhili wanapokaza mkono. Shule za bweni za wilayani hununua kidogo kidogo na kuchelewa kulipa, lakini hazihami. Tajiri wa mbali hulipa upesi, lakini huja bei ikimpendeza. Chama chenye tani 30 kingeweza kuzipa shule tani 8 kwa malipo ya awamu, kuuza 12 kwa mnunuzi mmoja mwenye mkataba, na kuziacha 10 zikingojea Oktoba na Novemba, wakati wa kupanda, bei inapopanda kwa kawaida, mradi hizo 10 ziwe kavu, zimefukizwa au zimefungwa katika mifuko isiyopitisha hewa, na ziwe za wanachama waliotamka kwa hiari yao kwamba wanaweza kungoja.