Malaria Kali: Kwa Nini Sindano Moja Haitoshi



Watoto wanaporudi kutoka ushago baada ya Krismasi, malaria nayo huja nao. Nairobi iko juu na ina baridi, malaria haienei sana hapa, kwa hiyo mwili wa mtoto aliyezaliwa Kibera haujazoea ugonjwa huu. Akiumwa na mbu kule Siaya au Busia, homa inaweza kuanza siku kumi au zaidi baadaye, wakati mmesharudi na mnadhani ni uchovu wa safari.

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka mitatu, kilo 12. Ana homa siku ya tatu, na mama amempa dawa ya maji ya kemisti. Jumatatu jioni anatapika kila kitu, anashikwa na degedege, kisha haamki. Hiyo ni malaria kali. Wengine hupumua kwa nguvu, au viganja vinakuwa vyeupe, au mkojo unakuwa mweusi kama kahawa.

Hatari iko hapa: chembe za damu zenye vijidudu hunata ndani ya mishipa midogo, hata ile ya ubongo, na damu haipiti vizuri. Wakati huo huo sukari mwilini hushuka na damu yenyewe inaharibika. Mtoto anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Msimtilie uji wala kidonge mdomoni, atapaliwa. Mlazeni ubavu, mkimbie naye hospitali yenye vitanda usiku ule ule.

Huko atapimwa damu na sukari, na kuchomwa atesuneti kwenye mshipa au msuli wa paja. Zamani ilikuwa kwinini. Utafiti uliotolewa mwaka 2010, katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo, ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wenye malaria kali, kwinini iliacha vifo 109, atesuneti 85.

Dawa hupimwa kwa uzito. Mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, kwa hiyo wetu atapata 36. Akichomwa Jumatatu saa mbili usiku, ya pili ni Jumanne saa mbili asubuhi, ya tatu saa mbili usiku. Asipoweza kumeza bado, ataendelea na moja kila siku.

Hapa ndipo wengi wetu tunaharibu. Mtoto anafungua macho baada ya sindano ya kwanza, basi tunataka kwenda nyumbani! Atesuneti huua vijidudu upesi, lakini yenyewe huisha mwilini kwa saa chache, na vilivyobaki vinazaana tena. Ndiyo sababu ya sindano tatu, halafu vidonge vya AL. Kwa kilo 12 ni kidonge kimoja asubuhi na jioni, siku tatu, pamoja na maziwa au chakula.

Hata akipona, mwangalieni wiki nne. Watoto wachache hupungukiwa na damu wiki moja au zaidi baada ya atesuneti. Mkiona viganja vyeupe, uchovu au mkojo mweusi, mrudisheni akapimwe damu.