Lita Moja Iwe Lita Moja: Kuchanganya ORS Nyumbani

Pakiti ya ORS ni miongoni mwa dawa chache ambazo hatua ya mwisho ya kuzitengeneza hufanyika jikoni kwako. Kiwandani hupimwa chumvi, sukari ya glukosi, potasiamu na sitrati kwa gramu. Kwa mchanganyiko unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2002, jumla yake ni gramu 20.5 kwa lita moja ya maji. Kipimo cha maji hayo huachiwa wewe, na hapo ndipo dawa nzuri huharibika.

Sukari na chumvi zikiwa katika uwiano sahihi, utumbo huzifyonza kwa pamoja na maji huzifuata, hata wakati mtoto anaendelea kuharisha. Pakiti ya lita moja ikimiminwa katika chupa ya nusu lita, mchanganyiko huwa mkali maradufu: chumvi huzidi katika damu ya mtoto, naye anaweza kupata degedege. Pakiti hiyohiyo ikiwekwa katika chupa ya lita moja na nusu, mtoto hunywa maji mengi yenye chumvi pungufu, na kile alichopoteza hakirudi. Makosa yote mawili hayaonekani kwa macho, kwa kuwa maji hubaki meupe vilevile.

Kwa hiyo tunashauri uchanganyaji ufanywe na watu wawili, mmoja asome na mwingine atende. Tuchukue mfano wa nyumba moja Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mtoto ana miezi kumi na mmoja na uzito wa kilo 8, na tangu alfajiri ameharisha mara nne. Mama yake yuko sokoni Tengeru. Bibi ndiye anayechanganya, na mjukuu wa darasa la saba anasoma.

“Bibi, nawa mikono kwa sabuni kwanza. Pakiti imeandikwa lita moja.”

“Una hakika si nusu lita?”

“Nimesoma mara mbili, Bibi. Na tarehe ya mwisho ya matumizi haijapita.”

Swali la bibi ni la msingi, kwani zipo pakiti za lita moja na zipo ndogo zaidi. Ujazo huo huandikwa kwenye pakiti yenyewe. Pakiti iliyotoboka, au ambayo unga wake umeganda na kubadilika rangi, irudishwe dukani.

“Sasa maji, Bibi. Yalichemka?”

“Yalitokota asubuhi, nikayafunika. Yamepoa.”

Maji yaachwe yatokote kwa nguvu kwa dakika moja kamili. Kwa kaya zilizo juu zaidi mlimani, ziwe dakika tatu, kwa sababu huko maji huchemka kabla ya kufikia joto la bondeni. Yapimwe baada ya kupoa, kwa kuwa sehemu yake hupotea kwa mvuke. Wakazi wa Meru hutuuliza kuhusu madini ya floridi, ambayo ni mengi katika vyanzo kadhaa vya eneo hili. Ni kweli kwamba kuchemsha hakuyaondoi. Lakini floridi hudhuru meno na mifupa kwa miaka mingi ya kunywa, ilhali kuharisha kunaweza kumuua mtoto kwa siku moja. Ukiwa na maji ya chanzo chenye floridi kidogo, yatumie. Usipokuwa nayo, usichelewe kuchanganya kwa sababu hiyo.

“Lete chupa ya maji ya dukani, Bibi, ile ndogo. Lebo inasema mililita 500.”

“Basi mara mbili.”

“Mara mbili, katika jagi safi.”

Vikombe vya nyumbani havilingani. Kimoja huchukua robo lita, kingine huzidi theluthi. Chupa yenye lebo ndiyo mizani ya jikoni, mradi isomwe: zipo za mililita 500, zipo za 600, na za lita moja na nusu. Ukishapima mara moja, weka alama ya kudumu kwenye jagi, nayo itakusaidia siku ambayo chupa haipo.

“Mimina pakiti yote, Bibi. Usibakize nusu ya kesho.”

Unga ndani ya pakiti haukuchanganyika sawasawa kiasi cha kugawanywa kwa macho. Nusu moja yaweza kuwa na chumvi zaidi ya nyingine. Koroga mpaka usione chembe. Usichemshe tena baada ya kuchanganya, wala usiongeze sukari, soda au juisi ili mtoto apende. Sukari ikizidi, huvuta maji kuyaingiza kwenye utumbo na kuharisha huongezeka. Onja: ladha isizidi chumvi ya machozi. Funika, andika saa, na baada ya saa 24 mwaga kilichobaki.

Mtoto huyu, akiwa chini ya miaka miwili, anahitaji mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji. Mililita 100 ni vijiko 20 vya chai. Kijiko kimoja kila dakika moja au mbili kitamchukua bibi kati ya dakika 20 na 40. Ni kazi ya uvumilivu, na ukimpa kikombe kizima kwa pupa atatapika. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha anza tena polepole zaidi. Mtoto wa miaka miwili na kuendelea hupewa mililita 100 hadi 200. Aendelee kunyonya na kula. Uji na ndizi mbivu vinafaa. Omba pia vidonge vya zinki: miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi sita. ORS hurudisha maji, haizuii kuharisha. Usiiache kwa kuwa choo bado ni chepesi.

Pakiti ikikosekana kabisa, tumia lita moja ya maji hayohayo, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikisawazishwa kwa kisu. Si kijiko cha mezani. Mchanganyiko huu hauna potasiamu, nao ni wa kuvukia tu hadi pakiti ipatikane.

“Bibi, mbona macho yake yameingia ndani?”

Hapa kusoma kunakoma na safari inaanza. Finya taratibu ngozi ya tumbo na uiachie: ikirudi polepole, mwili umekauka. Mpeleke pia asipoweza kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au kuwa mgumu kuamka, utosi ukibonyea, asipokojoa kwa saa sita, akiwa na homa kali, choo kikiwa na damu, au kikiwa kingi na cheupe kama maji ya mchele. Mtoto wa chini ya miezi miwili apelekwe mara tu anapoanza kuharisha. Kuharisha kunakofikia siku 14 nako ni kwa kituo cha afya, hata kama mtoto anacheza.

Kwa kaya yetu ya mfano, Hospitali ya Nkoaranga iko karibu, lakini wakati wa masika njia huteleza na bodaboda huchelewa. Bibi asingoje mama arudi kutoka Tengeru. Ambebe mtoto, mjukuu abebe chupa yenye mchanganyiko uliobaki, na ikiwa mtoto yuko macho na anaweza kumeza, apewe kijiko kwa kijiko njiani. Pakiti tupu iende nayo, ili mhudumu ajue alichopewa na kwa maji kiasi gani.